Kiwanja cha Ubavuni

Basi nilitaka kumnunulia mjukuu wangu kile kiwanja kitupu cha jirani, hapo ubavuni mwa nyumba yangu. Nikasema mimi sinunui kwa macho. Nikamwita mpima ardhi, akaja na ramani ya upimaji na kimashine chake, akasoma hati ya jirani, akaanza kutafuta mawe ya mpaka.

La kwanza akalikuta nyuma ya choo changu. La pili, chini ya karo la kufulia la mke wangu. Akaiomba na hati yangu, akajikuna kichwa.

"Babu, kiwanja anachokuuzia ni hiki ulichojengea nyumba yako. Chako ni kile kitupu. Mlipishana viwanja tangu mwanzo."

Jirani, aliyekuwa amesimama nasi, akaigeukia nyumba yangu, uso ukamchangamka. "Kumbe! Basi mzee mwenzangu, bei imepanda. Nyumba nzuri hivi?"

"Nzuri wapi!" nikaruka. "Paa linavuja, kuta zina nyufa, choo kinanuka mpaka kwako!"

Dirisha likafunguliwa kwa kishindo. Mke wangu huyo.

"Ahaa! Miaka yote unaniambia paa halivuji! Jirani, usimpunguzie hata senti!"