Notisi Iliyosomwa Msibani

Sia alikuwa anaogopa machozi ya watu, na ndicho kilichomponza. Angekuwa na roho ngumu kidogo tu, wallahi, yasingefika yalikofika.

Alikuwa afisa utawala wa kituo cha afya cha kanisa, nje kidogo ya Tukuyu. Mchaga wa watu, alikuja kuanza kazi bila kumjua hata mtu mmoja, na aliyempokea ni Mama Esnath, mfuaji wa mashuka ya kituo. Alimpa chumba mpaka alipopata nyumba, na tangu siku ile hakumwita tena afisa. Alimwita mwanangu.

Sasa kituo kilikuwa kimenunua mashine ya kufua na kukausha. Tusimlaumu mtu hapo. Masika ya Rungwe hayana mchezo. Mama Esnath alikausha mashuka ndani kwake juu ya majiko ya mkaa, na wagonjwa walilalamika yananuka moshi. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa Juni, lakini ulikuwa na kifungu: asiyetaka kuendelea ampe mwenzake notisi ya maandishi, siku zisizopungua tisini kabla, mkononi, naye asaini kuwa ameipokea. Bila hivyo mkataba unajiongeza mwaka mzima.

Mganga mfawidhi, Dokta Nelson, aliisaini barua mapema, akamkabidhi Sia aipeleke. Sia akaitia kwenye droo. Akasema kesho. Siku moja alijikaza akafika nayo hadi Kawetele, mlangoni kwa mama. Akakaribishwa chai na ndizi za kuchemsha, akala, akacheka, akarudi na barua yake kwenye mkoba. Huruma gani hiyo, jamani!

Halafu Ambilikile, mumewe Mama Esnath, akafariki ghafla.

"Siku ya mwisho ni leo," Dokta Nelson alisema.

"Dokta, leo wanazika."

"Barua umekaa nayo wiki tatu, Sia."

Sia akainuka. Akachukua barua na nakala yake, akazitia kwenye jalada la plastiki zisilowe, akajifunga khanga, akaenda.

Msiba ulikuwa umejaa. Mvua ilikuwa ikigonga turubai, wanawake wakilia na mama ndani, wanaume nje wamesimama kwenye matope. Mezani alikaa Mzee Ezron, kaka wa marehemu, akipokea rambirambi na kusoma kwenye kipaza sauti salamu zilizoletwa. Sia alitoa mchango wa wafanyakazi. Nia yake ilikuwa kusubiri watu watoke makaburini, amvute mama pembeni, amwambie polepole.

Mzee Ezron akaona muhuri wa kituo ndani ya plastiki.

"Na salamu za ofisi hizo umezishika za nini, mwanangu? Lete, watu wasikie shemeji yangu anavyoheshimiwa." Akaipokea kwa mikono miwili. "Ndaga fijo," akashukuru kwa Kinyakyusa.

Mzee, hiyo siyo. Maneno matatu tu. Sia aliyatafuta na hakuyapata, kama alivyoyakosa siku ile ya ndizi.

Mama Esnath akatolewa nje, akaketishwa chini ya turubai karibu na jeneza asikie salamu. Mzee Ezron akavaa miwani. Akalisoma jina la mama lote kwa madaha, watu wakaitika kwa kichwa. Akaendelea: "Yah, notisi ya siku tisini ya kusitisha mkataba wa huduma ya..."

Kipaza sauti kikabaki kinakoroma.

"Kufua," Mama Esnath alimalizia. "Malizia tu, shemeji."

Hakumalizia. Mama akanyoosha mkono, akapewa karatasi, akaisoma mwenyewe mpaka chini. Sia alikuwa ameshapiga magoti mbele yake kwenye matope, analia hajiwezi.

"Ile mashine nilishaiona ikishushwa, Sia," mama akasema kwa sauti ndogo. "Marehemu aliniambia, subiri, mtoto wetu atakuja kutuambia. Ulipokuja ukanywa chai, tulijua umekuja na jambo. Ukaondoka nalo. Akasema, mwache, anatuonea huruma, atarudi. Amekungoja mpaka amekufa."

"Nisamehe, mama."

"Nasaini wapi?"

Sia akamwonyesha kwenye nakala. Mama Esnath akaiweka juu ya jeneza, maana hapakuwa na pengine pakavu karibu naye, akaandika jina na tarehe, akamrudishia.

"Mwambie dokta nimeipata kwa wakati. Mashuka ya wiki hii yako ndani, nimeyakunja. Yachukue yote, usiniachie hata moja." Akageukia jeneza. "Nenda sasa, afisa."