Nakala ya Barua ya Lavinia

Smaranda alikuwa ameandika barua za kumkaribisha mfanyakazi mpya mara nyingi mno, hata mikono yake ilikuwa inaziandika yenyewe huku yeye akiwaza chakula cha jioni. Kiwanda kilikuwa nje kidogo ya mji wa Timișoara, kinatengeneza nyaya za magari, na kila wiki kiliajiri na kuaga watu. Alichofanya ni kufungua barua ya mtu aliyetangulia, kufuta jina, kuweka jipya, kubadilisha tarehe, na kuituma kwa barua pepe. Ijumaa ile alifanya hivyo hivyo. Aliituma saa tisa kasoro dakika chache alasiri, akaenda kuchemsha kahawa, na akarudi akijiona mtu aliyemaliza wiki yake vizuri.

Barua yenyewe ilikuwa nzuri, tusimwonee. Ilisema:

"Bi Lavinia Petcu, karibu sana kwetu. Siku yako ya kwanza ni Jumatatu. Basi la wafanyakazi litakuchukua saa moja kasoro robo, kituo cha Mtaa wa Zorilor, mbele ya duka la dawa. Ingia kwa lango B saa moja na nusu na uniulizie mimi, Smaranda, mapokezi. Njoo na kitambulisho, cheti cha daktari wa kazi na namba ya akaunti ya benki. Vaa viatu vya kufunika vidole. Asubuhi utapata mafunzo ya usalama, kisha tutakutembeza kiwandani. Mkuu wako wa zamu ni Bwana Moldovan. Ukiumia au ukijisikia vibaya, muuguzi yuko chumba cha nne. Usiogope kuuliza, sote tulikuwa wageni siku moja."

Simu ililia kabla kahawa haijapoa. Alikuwa Lavinia, na hakusalimia.

"Dada, hii barua umewatumia akina nani wengine?"

Smaranda akamjibu kwa furaha kwamba nakala huenda kwa kundi la kawaida la wageni wapya: mkuu wa zamu, mlinzi wa lango, stoo wanaotoa sare, na kampuni ya mabasi, kwa sababu dereva lazima ajue asimame wapi. Ndipo Smaranda alipokumbuka.

Wiki tatu nyuma, kwenye usaili, mwanamke huyu alikuwa ameomba jambo moja tu. Hakuuliza likizo wala marupurupu. Alisema amehama kutoka mji wa Reșița kwa sababu ya mume aliyeachana naye, kwamba ana amri ya mahakama inayomzuia mtu huyo kumkaribia, na kwamba anaomba jina lake na mahali anapokaa visisambazwe. Smaranda alimshika mkono, akamwambia asiwe na wasiwasi, akaandika maelezo kwenye faili lake kwa wino mwekundu. Faili lilikuwa kabatini. Barua aliinakili kutoka kwa mtu wa wiki iliyopita, pamoja na kundi lake la nakala, bila hata kufungua kabati.

"Ni kampuni gani ya mabasi?" Lavinia akauliza.

Smaranda akaitaja.

"Nelu anaendesha huko. Ni mdogo wake Dorel, mume wangu wa zamani."

Smaranda alibonyeza kitufe cha kuirudisha barua, kitufe ambacho kila mtu ofisini anakiamini na kila fundi wa kompyuta anakicheka. Kiliirudisha kutoka kwa watu wawili wa ndani ambao hawakuwa wameifungua. Kwa watu wa nje ya kampuni hakikufanya chochote. Akampigia msimamizi wa mabasi, mzee mwema aitwaye Traian, akamwomba aifute. Traian akamwambia hana shida, ataifuta, ila alikuwa ameshaichapa na kuibandika kwenye ubao wa madereva kama kawaida, ili wajue kituo kipya. Ndiyo, Nelu alikuwepo. Tena Nelu ndiye aliyeipiga picha kwa simu yake, akisema asije akasahau.

Smaranda alikaa chini.

Kisha alikwenda kwa Bwana Moldovan, mkuu wa zamu, kwa kuwa ilibidi aende kwa mtu. Bwana Moldovan alikuwa mtu wa kupenda mambo yapite bila kelele. Alimsikiliza, akakuna kichwa, akasema mama huyo aanze mwezi ujao mambo yakipoa, na hiyo barua ifutwe, na Smaranda asiandike popote kwamba imetokea. Smaranda akamwambia imeshaandikwa, amemjulisha afisa wa kampuni anayeshughulikia taarifa za watu, na huyo anazo siku tatu tu za kuiarifu serikali kwamba taarifa zimevuja. Bwana Moldovan akamtazama kwa namna ya kumwambia kwamba ameanza kujitafutia kazi nyingine. Siku nyingine macho yale yangemnyima usingizi. Siku hiyo hayakumgusa.

Saa kumi na mbili jioni Smaranda na Lavinia walikuwa wamekaa kwenye benchi la kituo cha polisi. Ilikuwa mara yao ya pili kuonana. Lavinia alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, nywele fupi alizozikata mwenyewe kwa mkasi, na hakukaa mahali bila kwanza kutazama mlango. Smaranda alijaribu kumwomba radhi mara mbili, na mara zote mbili Lavinia aliinua kiganja kumzuia.

Afisa aliyewapokea, mwanamke wa makamo aliyeitwa Otilia, aliisoma amri ya mahakama mstari kwa mstari. Ilimkataza Dorel kumkaribia Lavinia chini ya mita mia mbili, popote alipo, na kuivunja ni kosa la jinai. Kisha akawaeleza jambo ambalo Smaranda hakuwa amelifikiria.

"Sikilizeni, mama zangu. Amri inamfuata mtu, haifuati jengo. Huyu bwana akija Jumatatu kusimama langoni kwenu na Lavinia yuko kwake amelala, mimi siwezi kumfanya kitu. Atakuwa mtu aliyesimama barabarani. Atarudi Jumanne. Atarudi mpaka siku atakayompata."

Smaranda akasema basi ahame, kampuni itamtafutia nafasi mji mwingine. Alisema mengi, haraka haraka, kama mtu anayefuta maziwa yaliyomwagika.

Lavinia alikuwa akitazama mikono yake. "Nimehama mara tatu," akasema. "Siku ya kwanza ni Jumatatu, lango B, saa moja na nusu. Imeandikwa. Basi mwacheni aje."

Walipanga hivi: Lavinia asilale kwake mpaka Jumatatu, wala asipande basi. Angeletwa kiwandani saa kumi na moja alfajiri, kabla ya mtu yeyote, akae chumba cha mafunzo nyuma ya mapokezi, ndani ya zile mita mia mbili, mlango umefungwa kwa ndani. Gari la polisi lingekuwa mtaa wa pili. Mtu akitokea, Smaranda angepiga simu, nao wangefika dakika tatu au nne baadaye. Afisa Otilia alimtazama Smaranda akamwambia kazi yake ni moja: mtu huyo asiingie chumba kile na asiondoke.

Dakika nne. Smaranda alizibeba Jumamosi nzima na Jumapili nzima. Kanisani aliimba maneno ya wimbo mwingine. Mumewe alimuuliza kama anaumwa, akasema tumbo.

Jumatatu saa moja na dakika ishirini, mapokezi kulikuwa na Smaranda peke yake. Mlinzi alikuwa ameambiwa abaki kibandani kwake kwenye lango la magari na asimzuie Dorel akitokea. Basi la wafanyakazi lilikuwa limeingia na kutoka, Nelu kwenye usukani, akitazama mbele tu. Kisha mlango wa kioo ukasukumwa, na Smaranda akabonyeza simu aliyoificha chini ya kaunta.

Alikuwa amemtarajia jitu. Akaingia mtu wa kawaida, shati limepigwa pasi, amenyoa vizuri, mkononi mfuko wa mikate ya moto ya ufuta. Ungemwachia mtoto wako akushikie.

"Samahani dada, wewe ndiye Smaranda? Imeandikwa nikuulizie wewe."

Maneno yake mwenyewe, aliyoyaandika kwa mazoea huku akiwaza chakula cha jioni, yalikuwa yakitoka kinywani mwa mtu huyu kwa upole.

Akasema ndiye. Akamwuliza amsaidie nini.

"Mke wangu anaanza leo. Kasahau chai yake ya asubuhi." Akauweka mfuko juu ya kaunta. "Hakuwa kituoni, kwa duka la dawa. Nimengoja."

Smaranda akamwambia wageni wapya huwa wanachelewa siku ya kwanza, aketi tu, ataitwa. Dorel hakuketi. Alitazama kaunta, kabati, saa ukutani, na mwisho mlango wa chumba cha mafunzo, wenye bamba lililoandikwa jina la chumba. Akatabasamu.

"Asubuhi, mafunzo ya usalama," akasema. "Hiki ndicho?"

Akapiga hatua. Smaranda hakuwahi kuwa mtu shujaa, hata panya humpandisha juu ya kiti, na baadaye hakuweza kueleza alivyotoka nyuma ya kaunta. Alijikuta tu amesimama mbele ya mlango ule, mgongo umeubana, akisikia upande wa pili mtu akihema kwa shida.

"Bado sijaona kitambulisho chako," akasema. "Hapa haingii mtu bila kitambulisho na cheti cha daktari."

Dorel akamsogelea mpaka Smaranda akasikia harufu ya sabuni yake. Hakupandisha sauti. "Wewe ndiye uliyenialika, dada. Sasa toka mlangoni."

Hakutoka. Alihesabu sekunde za zile dakika nne kichwani, akapotea hesabu, akaanza upya. Dorel alikuwa ameshamshika bega, vidole vimezama, wakati mlango wa kioo ulipofunguka na Afisa Otilia akaingia na vijana wawili. Mtu yule akaachia bega, akainua mikono, akawa mpole tena. Akasema alileta mikate tu. Alitoka nao bila kugeuka.

Afisa Otilia alibaki nyuma kidogo kumwambia Smaranda ukweli: atashikiliwa, ataletwa mbele ya jaji, na safari hii kuna kosa la kumshtaki. Miezi mingapi itakuwa, au kama itakuwa miezi, hilo hakuahidi.

Kitasa kikageuka taratibu. Lavinia akatoka, uso mweupe kama karatasi, viatu vyake vimefunika vidole, cheti cha daktari kimekunjamana ndani ya ngumi. Smaranda akafungua kinywa, na yale yote aliyoyabeba tangu Ijumaa yakamjia kwa pamoja: kwamba ni yeye, kwamba faili lilikuwa na wino mwekundu, kwamba kituo cha basi sasa kinajulikana na hakiwezi kusahauliwa tena.

"Usiniombe radhi," Lavinia akasema. "Uliandika kwamba mtanitembeza kiwandani."

"Ndiyo."

"Nionyeshe milango. Yote. Ile ya kutokea."

Smaranda akachukua funguo. Walianza na mlango wa stoo, wakaenda wa jikoni, wakaenda ule wa nyuma ya mashine za kukatia nyaya ambao hautumiki, na kwenye kila mmoja Lavinia alisimama, akausukuma kwa kiganja, akahakikisha unafunguka.