Mkono Juu ya Beringi

"Naenda kutibiwa. Nitarudi mvua zikiisha, na msiniulize zaidi," Akida aliwaambia wenzake katika kiwanda cha kuchambulia pamba, Shinyanga. Neno ukoma alilimeza.

Kisha akamkabidhi Fikirini mashine. "Beringi hizi zinazobeba mhimili zitie mafuta kila asubuhi kabla hujawasha. Ikizunguka, gusa hapa. Ikikuunguza, simamisha upesi, pamba isije ikashika moto." Mashine ikiwa inazunguka, akaweka kiganja juu ya chuma cha beringi. "Sasa haina moto. Gusa."

Fikirini aligusa, akaruka nyuma akipuliza vidole. Kiganja cha Akida kilikuwa bado palepale.

Wenzake wote waliutazama ule mkono. Fikirini akasimamisha mashine, akachukua kopo la mafuta.

"Kazi nimeielewa, kaka," akasema taratibu. "Toa mkono."