Hamsini na Tisa za Kituo cha Saba

Kidole kimoja hakivunji chawa, na Mwalimu Sukamto siku ile alikuwa na kidole kimoja. Alisimama mbele ya ukuta wa ukumbi wa kijiji cha Wonosalak, akasoma tarakimu, akageuka, akainamia daftari lililokuwa juu ya kiti cha plastiki, akaandika, akainuka, akaanza kutafuta tena mahali alipoishia. Kwa mtu wa miaka sabini na moja, kazi hiyo ilikuwa ya kiuno kuliko ya hesabu.

Ukutani zilibandikwa karatasi za matokeo za vituo kumi na vinne vya kijiji, za uchaguzi wa Aprili 2019. Mwaka huo serikali iliamua kila mtu apige kura tano kwa siku moja, kuanzia ya rais hadi ya diwani wa wilaya, na wasimamizi wa vituo walihesabu mpaka kesho yake adhuhuri, wengine wakaishia hospitalini. Karatasi za rais zilishapigwa picha na kila mwenye simu. Za madiwani hakuna aliyezitazama. Zilikunjamana kwa unyevu, na moja ilikuwa imebandikwa juu chini.

"Mbah, si usubiri tu zitoke kwenye simu?" alimtania Parno, mlinzi wa ukumbi, akimwita babu akiwa amekalia pikipiki yake. "Mjukuu wangu anazipata zote akiwa kitandani."

"Mwambie ashuke kitandani aje anisomee."

"Huyo? Hata bei ya mchele hasomi."

Mwalimu alicheka, lakini moyo wake haukuwa pale. Ulikuwa mwaka 1999, mbele ya ukuta huu huu, uchaguzi wa kwanza ambao watu wa Wonosalak hawakujua matokeo yake kabla ya kupiga kura. Siku ile uwanja ulijaa utadhani kuna harusi. Muuza karanga za kuchemsha alimaliza kapu zima kabla ya saa nne. Bu Lasmi, mama mshonaji wa nguo, alisimama karibu na ukuta ameshika kijiti cha ufagio wa chelewa, akagusa kila mstari na kusoma kwa sauti ya kutangaza mnada, naye Sukamto akaandika na kuitikia tarakimu ile ile. Watu nyuma yao nao wakaitikia, watoto wakidakia, na mtu akikosea alizomewa na uwanja mzima. Walipomaliza walijumlisha kwenda chini, kituo baada ya kituo, kisha wakajumlisha kwenda kando, chama baada ya chama, na majibu mawili yalipokutana Lasmi alipiga makofi. "Kosa likikwepa wima, litanaswa na mlalo," alisema.

Waliifanya kazi hiyo chaguzi nne, wawili hao, huku uwanja ukipungua watu kila mara. Uchaguzi wa nne walibaki wao na mbuzi wa Parno. Kisha Lasmi akafa kwa figo, na Mwalimu, ambaye kwa mkewe marehemu alilia siku arobaini kama inavyopasa, kwa Lasmi alilia pole pole, kwa muda mrefu, bila kumwambia mtu. Aliikosa sauti ile. Tarakimu alizojisomea mwenyewe zilikuwa bubu.

Alimaliza saa saba. Alikwenda kukaa barazani kwake, akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza, akatandika pembeni karatasi iliyotangazwa na kamati ya tarafa, ile iliyojumlisha vituo vyote vya Wonosalak. Nakala hiyo aliletewa jana na Endah, binti wa Lasmi, mgombea namba moja wa chama cha Kinu. Chama hicho kidogo hakikuwahi kupata kiti hata kimoja katika baraza la wilaya. Safari hii, kwa hesabu za tarafa zote, Kinu kilikuwa kinachukua kiti cha mwisho cha jimbo, kikikizidi chama kilichokifuata kwa kura thelathini na moja, na kiti hicho kilikuwa cha Endah. Ilibaki wilaya kuthibitisha, keshokutwa Alhamisi.

"Ibariki, Pakde," alimwambia jana, akimwita baba mkubwa kama alivyomwita tangu utotoni. "Mama angeijumlisha kwanza ndipo anipongeze. Wewe nijumlishie kwa niaba yake."

Basi akajumlisha. Kura za Kinu kutoka ukutani zilikuwa mia sita na kumi na moja. Karatasi ya tarafa ilisema mia sita na sabini.

Alijumlisha tena, kuanzia chini kwenda juu. Hamsini na tisa zilizidi vile vile. Akapita kituo kimoja kimoja, na vyote vilikubaliana isipokuwa cha saba. Katika uchaguzi wa madiwani mpiga kura hutoboa ama nembo ya chama ama jina la mgombea, kwa hiyo kila chama kina mstari wa nembo, chini yake mistari ya wagombea, na mwishoni jumla. Ukutani, kituo cha saba, nembo ya Kinu ilipata tisa. Wagombea walipata arobaini na moja, kumi na mbili, nne na mbili. Jumla sitini na nane. Kwenye karatasi ya tarafa, mstari wa nembo haukuwa na tisa. Ulikuwa na sitini na nane.

Mwalimu alivua miwani zote mbili. Alikuwa amefundisha watoto hesabu miaka thelathini na sita, na aliyajua makosa kama mkulima ajuavyo magugu. Huu haukuwa wizi. Mwandishi wa tarafa, macho yakiwa yamejaa usingizi, alichukua jumla akaiweka mahali pa nembo, na kompyuta, ambayo haina usingizi wala akili, ikaongeza wagombea juu yake kwa mara ya pili. Sitini na nane na hamsini na tisa: mia na ishirini na saba. Chini kabisa ushahidi ulikuwa umekaa wazi. Waliopiga kura kituo cha saba walikuwa mia mbili arobaini na mmoja, zikaharibika kumi na tatu, halafu kura halali eti mia mbili themanini na saba. Mstari huo bila shaka haukusomwa kwa sauti. Chama kilichofuata hakikuwa na wakala kituoni wala tarafani, na asiyekuwapo na lake halipo.

Toa hamsini na tisa kwenye ushindi wa thelathini na moja. Hata Parno angelipata jibu hilo.

Hakuna mwingine aliyeutazama ukuta ule. Mvua mbili zaidi na karatasi zingekuwa uji. Angenyamaza hadi Alhamisi ipite, na binti wa Lasmi angeingia baraza la wilaya, binti mwenyewe mwema, mchapakazi, aliyekwenda nyumba kwa nyumba kwa miguu kwa sababu hakuwa na hela ya kugawa. Mwalimu alijaribu kuona ubaya wa jambo hilo, na kusema kweli hakuuona vizuri. Aliona tu kwamba aliombwa ajumlishe.

Alimkuta Endah uani kwake, kati ya wanawake waliokuwa wakichambua maharage kwa ajili ya karamu ya shukrani. Akamwita pembeni na kumwonyesha daftari. Hakuzunguka.

Endah alitazama, akatazama tena. Uso ulimbadilika. "Pakde uko upande gani?"

"Wa daftari."

"Daftari lipi? Umesimama peke yako, unasoma mwenyewe, unaandika mwenyewe, na macho hayo ya miwani mbili. Jana ulimwita Parno kwa jina la marehemu kaka yake." Sauti yake ilipanda, wanawake wakageuka. Akaishusha. "Samahani. Lakini huenda ni sitini na nane kweli ukutani. Huenda umeona tisa kwa uzee."

Ilimuuma, kwa kuwa ilikuwa haki. Sheria aliitunga yeye na Lasmi: tarakimu isiyosomwa na mwingine si tarakimu.

"Umesema kweli, Nduk," alijibu, akimwita binti. "Hesabu ya mtu mmoja haina uzito. Kesho saa mbili nitakuwa ukutani. Usipokuja, nitalifunga hili daftari na hutanisikia nikilitaja."

"Unanitega."

"Najitega na mimi."

Asubuhi alifika mapema, akapangusa kiti, akangoja. Saa mbili ikapita. Saa mbili na nusu alianza kuona nafuu, akajionea aibu kwa nafuu hiyo. Ndipo Endah akaingia lango la ukumbi, macho yamevimba, kitambaa cha kichwa kimefungwa ovyo. Hakusalimia. Alichomoa kijiti kwenye ufagio wa Parno, akasimama ukutani.

Mwalimu aligeuza kiti na kuupa ukuta mgongo. Ndivyo walivyofanya siku zote, yeye na Lasmi, ili mwandishi asije akaona kile anachotamani kuona. Alichokipata ni sauti tu.

"Kituo namba moja," alisema Endah. "Kinu. Nembo, kumi na nne."

"Kumi na nne."

Ilikuwa sauti ya mama yake. Alijua ingekuwa hivyo, na bado vituo viwili vya kwanza aliandika bila kuona vizuri. Nyuma yao Parno alizima pikipiki. Wanawake wawili waliokuwa wakienda sokoni walisimama na vikapu vyao. Cha tatu, cha nne, cha tano, cha sita. Kijiti kiligusa karatasi, tik, tik.

"Kituo namba saba. Kinu."

Kijiti kikanyamaza.

Mwalimu alishika kalamu akitazama uwanja. Yule binti angeweza kusema lolote, naye angeliandika, kwa kuwa ndiyo sheria, na angetia sahihi. Akajikuta anamwomba kimoyomoyo aseme sitini na nane. Alitamani hivyo kweli, kwa ajili ya Endah, kwa ajili ya Lasmi, ili naye aende nyumbani akafe bila kumdhulumu mtoto wa rafiki yake.

"Nembo," alisema Endah. "Tisa."

Mwalimu hakuitikia.

"Pakde, itikia. Tisa."

"Tisa," alisema.

"Mgombea namba moja. Endah Wulaningsih. Arobaini na moja."

"Arobaini na moja," aliitikia Mwalimu, na wanawake wa vikapu nao wakaitikia, wasijue wanaitikia nini.

Endah alisoma hadi kituo cha kumi na nne bila kuruka mstari. Kisha alichukua kalamu mkononi mwa mzee, akatia sahihi yake kama msomaji, akampigia simu wakala wa chama chake na kumwambia asiondoke alipo, anamletea pingamizi la kupeleka wilayani kesho: sanduku la kituo cha saba lifunguliwe.