Mlango wa Bi Maua

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwa wasomi, viongozi wa dini na wananchi wote wa Kanda ya Magharibi kwamba mimi, Theodora, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa usanifu majengo, nikiwa na umri wa miaka kumi na minane tu, niligundua katika kata ya Gongoni, mjini Tabora, mlango wa aina yake ambao haujapata kuonekana na mtu mwingine yeyote.

Haukuonekana kwa sababu haukuwepo.

Chuo kilitutuma Tabora wawili wawili, kila jozi na nyumba yake ya zamani. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unachukua jengo ambalo watu wameshaishi humo wakalizoea, unalipima, unalichora upya kwa mkono wako, halafu unalichambua kwa vielelezo: kimoja kinaonyesha kuta zinazobeba paa tu, kingine njia wanazopita watu, kingine nani anaruhusiwa kufika wapi. Lengo si kuiga. Lengo ni kuona jengo lilivyojibu swali fulani, ili swali hilohilo likikukuta kwingine usianze upya kukuna kichwa.

Swali letu lilitukuta kijijini Ipole. Tulitakiwa kubuni nyumba ambamo wajawazito wanaotoka vijiji vya mbali watasubiri siku zao karibu na zahanati. Na nyumba yetu ya kujifunzia ilikuwa ya Bi Maua, iliyojengwa na babu wa marehemu mumewe, mfanyabiashara aliyepokea misafara ya kutoka pwani: kuta za matofali ya tope nene kama nusu mita, boriti nyeusi juu, baraza mbele, ua nyuma.

Mwenzangu alikuwa Abdulatifu. Abdulatifu ni mtu anayeweza kuichorea mishale sahani ya wali. Siku ya kwanza alisimama barabarani akaitazama nyumba kwa muda mrefu, kisha akasema, "Theo, nyumba hii inaongea."

"Inasema nini?"

"Bado inajikusanya."

"Basi ikimaliza uniite. Nakwenda kumwamkia mwenye nyumba."

Lakini nisimcheke sana. Abdulatifu alikuwa anarudia mwaka. Mwaka uliopita walimu walimwandikia kwamba hakusoma jengo, alilipamba. Akianguka tena, anafungasha virago anarudi kwao kuuza spea za pikipiki na kaka yake, naye pikipiki anaziogopa. Kila mtu darasani alijua. Mimi nilijua zaidi, kwa sababu aliniambia mwenyewe tukiwa kwenye treni, kwa sauti ya mtu anayejidai hajali.

Bi Maua alitupokea vizuri. Tulimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akatupa chai, kisha akaweka sheria. Ndani kulikuwa na mkwewe, Asmahani, ambaye alikuwa amejifungua na arobaini yake haijaisha. Mwanamume mgeni mwisho wake pazia la ukumbini. Simu za kupiga picha zisivuke pazia hilo.

"Huyu binti atapita," alisema akinionyesha. "Wewe, mwanangu Latifu, utapima baraza, chumba cha wageni na ukumbi wa mbele. Pua yako tu ikivuka pazia, naikata."

"Sawa, Bi Maua."

"Na sikio pia."

Kwa hiyo nusu ya nyumba niliipima mimi peke yangu, Asmahani akinishikia upande wa pili wa futi kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono mwingine. Nilipima vizuri, naomba hilo liandikwe. Nilipima kila chumba kutoka kona hadi kona ili nijue kama kimekaa sawa, nikahesabu boriti, nikajumlisha vipande vya ndani na unene wa kuta, jumla ikalingana na urefu wa nje. Masista walionilea bweni kwa miaka sita wangeona fahari.

Tatizo lilikuja wakati wa kuchora. Tulikuwa tumekaa barazani, ramani mezani, Abdulatifu akisubiri nusu yangu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. "Naisikia sasa," alisema. "Nyumba inataka kutuambia kitu kuhusu wanawake."

Nikasema moyoni, basi iseme. Kwenye ukuta kati ya chumba cha ndani, anamolala Asmahani, na ua, ukuta mzima usio na hata tundu, nikachora mlango. Mdogo, mzuri, na upinde wake mwembamba wa kuonyesha unafungukia upande gani. Nikaugawa ule urefu wa ukuta katika vipande vitatu, ukuta, mlango, ukuta, vinavyojumlika sawasawa. Nilipanga nimwachie mpaka chai iishe, ahutubie kidogo, kisha nimwambie, tucheke, nifute.

Abdulatifu aliweka karatasi angavu juu ya ramani na kalamu yake nyekundu ikaanza kutembea. Ilipofika kwenye mlango wangu, ilisimama.

"Theo. Mama anatoka chumbani moja kwa moja mpaka uani. Hapiti ukumbini kabisa."

"Mh, kumbe."

"Hukuona? Wageni wa msafara wamejaa mbele, wapagazi, wafanyabiashara, na mama aliyejifungua anakwenda zake uani bila kuonwa na mtu. Hiyo ndiyo nyumba ya Ipole. Kila chumba cha mjamzito na mlango wake wa nyuma."

Nikafungua mdomo nimwambie. Wakati huohuo alikuwa ameshapiga picha ramani na kumtumia mwalimu wetu, Bernadeta, aliyekuwa amebaki chuoni. Jibu lilirudi kabla chai haijapoa: Safi sana. Huo ndio msingi wa kazi yenu, mjenge juu yake. Abdulatifu alinisomea, akanisomea tena, akaivua miwani yake akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. Nikaufunga mdomo.

Uongo wa kwenye ramani una tabu yake. Ukiongea uongo, unaisha hewani. Ukiuchora, wanataka na vipimo. Abdulatifu alipoanza kuchora nyumba kama iliyokatwa kwa kisu toka juu hadi chini, akaniuliza mlango una kimo gani. Nikampa kimo. Juu yake kuna nini, maana boriti zinakalia ukuta uleule? Nikampa gogo la mninga. Fremu imechongwa? Kidogo, nikasema, maua. Maua gani? Nikamchorea maua.

Tulipoambiwa kwamba Mwalimu Bernadeta anakuja kusikiliza kazi za kila jozi kwenye nyumba yake, nikageuka kulitazama pazia. Mwalimu ni mwanamke. Pazia lisingemzuia.

Mtu mwenye akili angekiri hapo. Mimi nikachukua ufutio, nikafuta mlango, nikaurudisha kwa mstari wa kukatikakatika, ambao kwa lugha yetu maana yake ni kitu kilichokuwepo kikaondolewa. Kisha nikamwambia Abdulatifu, kwa uso ule niliokuwa nikiutumia kwa matroni wa bweni, kwamba nilikosea kidogo: mlango ulikuwepo zamani, ukazibwa.

Nilitegemea avunjike moyo, auache. Akasimama.

"Ulizibwa? Theo, hii ni kubwa zaidi."

"Si kubwa. Ni ndogo. Tuiache."

"Misafara ilipokwisha, wageni wakaisha, mlango ukakosa kazi, wakauziba. Historia yote ya Tabora iko kwenye ukuta mmoja." Akachora vielelezo vingine viwili, kabla na baada.

Mwalimu Bernadeta alifika akiwa na mkoba mdogo na viatu vyenye vumbi la nyumba tatu alizokwishapita. Bi Maua akaketi karibu yake barazani, akaletewa ramani, akaishika kichwa chini.

"Hapa ndipo jikoni?"

"Hapo ni barabarani, Bi Maua," alisema Abdulatifu kwa upole na kumgeuzia.

"Basi mmenipikia barabarani. Endelea."

Akaendelea. Alieleza vizuri mno, na kila sentensi yake ilikuwa imeegemea mlango wangu. Mwalimu alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Alipomaliza, mwalimu akaomba ruhusa, akavua viatu, akavuka pazia. Tulisikia akimpongeza Asmahani, tukasikia mtoto akilia, halafu hatukusikia kitu. Abdulatifu alinitabasamia. Mimi nilitazama mbuzi barabarani.

Mwalimu alirudi akipangusa vidole.

"Abdulatifu, mlango ukizibwa, ukutani hubaki nini?"

"Ufa, Mwalimu. Mistari miwili ya kusimama, pale matofali mapya yanapokutana na ya zamani. Hayashikani vizuri."

"Sawa kabisa. Na plasta ya ukuta ule imebanduka, kila kitu kinaonekana. Nimeona safu za matofali zinapita toka mwanzo hadi mwisho, zimefungana, hakuna mstari hata mmoja wa kusimama. Hakuna gogo la mninga wala ua la kuchongwa. Ukuta ule haujawahi kufunguliwa tangu ulipojengwa."

"Mlango upi huo?" aliuliza Bi Maua. "Mwanamke atoke chumbani aangukie uani kama kuku?"

Mwalimu aliziangalia karatasi za Abdulatifu moja moja.

"Mwaka jana ulipamba jengo," alisema. "Mwaka huu umelibuni. Nani alipima chumba kile?"

Nilimwona Abdulatifu akigeuka kunitazama, na nikamwona akielewa: kimo, gogo, maua, yote. Uso wake ulitulia kwa namna ambayo sikuipenda. Pale barazani ilitosha aninyooshee kidole, abaki salama.

"Tulipima pamoja, Mwalimu," alisema. "Ilikuwa kazi ya wote wawili."

"Na wewe ulivuka pazia?" aliuliza Bi Maua, akilitazama sikio lake.

Nimewahi kugonga kengele ya chakula saa mbili kabla ya wakati, bweni zima likapanga foleni na vijiko, nami nikajitolea kumtafuta mkosaji pamoja na masista. Sijawahi kushindwa kukaza uso. Siku hiyo ulinishinda.

"Hakuvuka," nilisema. "Nilipima mimi, Mwalimu, na nilipima sawa. Mlango niliuchora kwa makusudi, nimcheke. Nikaogopa kuufuta, nikauziba. Gogo ni langu, na maua ni yangu. Yeye alichokosea ni kuniamini tu."

Mwalimu alinisubiri, na nikajua bado sijamaliza.

"Na jibu lipo, ila mlango wangu ulilificha. Asmahani anapotoka chumbani, anapita kijia cha nyuma ya pazia, kinakunja kona ndipo kinafika uani. Mlango wa mbele na wa uani haitazamani. Ukikaa barazani na milango yote wazi, na pazia likifunguliwa, utaona ukuta tu. Nyumba haimfichi kwa mlango, Mwalimu, inamficha kwa kona. Kijia hicho nilikijua tangu siku ya kwanza. Nilikipima, kipo kwenye ramani, ila hakuna aliyekitazama kwa sababu nilichora kitu cha kupendeza zaidi pembeni yake."

Abdulatifu alikuwa ameshatandika karatasi angavu mpya juu ya ramani yangu. Kalamu nyekundu ilitoka chumbani, ikafika kwenye kona, ikasimama.

"Upana wa kijia?" aliuliza bila kuinua kichwa.

Nikamtajia.

"Huo ni wa kweli?"

"Ni wa kweli, Latifu."

Alinyanyuka, akachukua futi mezani, akampa Mwalimu Bernadeta. "Samahani, Mwalimu," alisema. "Naomba utupimie tena. Huyu simwamini hata akiniambia leo ni siku gani."

Nikasema mbele ya wote kwamba ana haki.