Mwezi wa Shanga Ukutani kwa Shadia

Harusi nyingi za Kasulu mjini zimepita mikononi mwangu. Ukiona ukumbi umefunikwa satini tangu darini hadi sakafuni, na bibi harusi amezama kwenye maua ya plastiki hadi wageni wanamtafuta kwa macho, ujue Mansuri amepita hapo. Nimepamba Kibondo, nimepamba Manyovu, na kule Manyovu watu walipiga picha na ukuta wangu wakawasahau maharusi. Nilijisifia jambo hilo kwa muda mrefu kuliko ndoa yenyewe ilivyodumu.

Kwa hiyo Ramadhani ilipokaribia kwisha, na binti yetu Shadia akawa anaelekea kwenye Idi yake ya kwanza, sikuona sababu ya kumwomba mtu ushauri.

Shadia alikuja baada ya mimi na mke wangu Asmahani kukaa miaka mingi tukiambiwa "Mungu atawapa" na watu ambao wao walikuwa wameshapewa. Alipokuja, chumba kidogo cha nyuma nilichokuwa nikihifadhia mapambo ya kazini tukakifanya chake. Usiku kitanda chake cha mbao kilikaa chumbani kwetu. Mchana tulikisogeza huko nyuma, akalala na kucheza humo. Wakati huo alikuwa ameanza kutambaa na kujishikilia fito za kitanda hadi anasimama, miguu ikitetemeka, uso umejaa fahari. Fahari hiyo, Asmahani alisema, ameirithi kwangu.

Siku chache kabla ya Idi, Asmahani alikwenda sokoni na mtoto mgongoni, akaniacha peke yangu nyumbani. Lilikuwa kosa lake la pekee katika habari hii. Aliporudi alikuta kazi imekwisha. Duara la chandarua nilikuwa nimelizungushia maua. Kwenye fito za kitanda nilipitisha taa ndogo za kumetameta. Kila pembe ya kitanda ilikuwa na puto, na juu ya godoro nilipanga mto wenye umbo la moyo na dubu wa manyoya mkubwa kuliko mwenye kitanda.

Alisimama mlangoni, kikapu mkononi.

"Nani anaolewa?" akauliza.

"Ni Idi ya mwanao, Mama Shadia."

"Na yeye atalala wapi?"

Nilitazama kitandani. Kusema kweli, nafasi ilikuwa finyu.

Hakugomba. Alinikabidhi mtoto, akaanza kuvua kimoja kimoja kama anayemenya ndizi. Maua yana waya ndani, akasema, na yakikilemea chandarua kitamwangukia mtoto usoni. Puto likipasuka, kipande chake kikiingia kooni kinanasa. Waya wa taa unazunguka shingo, na vile vibetri vidogo mtoto akimeza vinamuunguza kwa ndani. Mto na dubu vinaweza kumziba pumzi.

"Kitandani mwa mtoto," akamaliza, "anakaa mtoto."

"Haya umeyasikia wapi?"

"Kliniki. Siku ile tuliyokwenda wote, ukabaki nje unapiga picha pazia lao."

Nilikumbuka. Pazia lilikuwa limekunjwa vizuri sana.

Kwa kuwa sikutaka Shadia aione Idi yake kwenye kuta tupu, nilikwenda kwa jirani yetu Immakulata. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, yeye amezaliwa na kukulia huku, na cherehani yake iko barazani mchana kutwa. Nilimweleza kwamba nataka mapambo yasiyoweza kumdhuru mtoto hata akiyatia mdomoni. Alinishonea nyota za flana, za kijani na za njano, akazijaza pamba na kurudia mshono mara mbili. Niliomba nyota zipate macho ya vifungo. Alikataa, akazitarizi macho kwa uzi. Kisha akaivuta kila nyota kwa nguvu zake zote, kama anayegombania nguo ya mtumba.

"Dada, mtoto ana meno mawili tu," nilimwambia.

"Ego," akaitikia kwa Kirundi cha wazazi wake. "Na siku nzima hana kazi nyingine."

Nyota hizo tulizishona moja kwa moja juu ya kitambaa kirefu, pasiwe na kamba ya kuning'inia. Kitambaa nikakikaza kwenye ubao, na ubao nikaufunga kwa skurubu kwenye ukuta wa mbali na kitanda, usawa wa paji la uso wangu. Nilitaka nihakikishe mwenyewe kuwa Shadia hafiki. Nikapiga magoti, nikatambaa kutoka kitandani, nikajiinua kwa kushika ukuta na kunyoosha mkono huku nikigumia kama mtoto anayetaka kitu. Hapo ndipo Mzee Saady, mwenye duka la vitambaa, alipopitishwa ndani kuja kuzungumzia harusi ya binti yake. Alirudi nyuma hatua moja.

"Nitarudi baadaye," akasema.

Nyota zilipendeza. Lakini mimi ni mtu wa kumbi. Kila nilipoutazama ukuta ule niliona kazi ya mpambaji aliyeishiwa. Jioni ya mwezi kuandama nilifungua sanduku langu la kazini, nikatoa hilali ya shanga za dhahabu ninayoiweka mlangoni mwa maharusi. Nikaitundika juu ya nyota, juu kidogo ya utosi wangu. Ukuta ukang'aa.

Asmahani akaja na taulo begani. "Shanga?"

"Ziko juu. Mlete, msimamishe kitandani, tuone."

Tulimsimamisha. Shadia alinyoosha mkono, akashika hewa, akacheka, akakaa chini kwa makalio. Asmahani alipima kwa macho tangu kitandani hadi ukutani.

"Sawa, hafiki," akasema polepole. "Lakini Idi ikipita tu, hizo zinatoka."

Nilikubali kwa unyenyekevu wa mtu aliyeshinda.

Asubuhi ya Idi mvua ilitupa nafasi ya kwenda kuswali na kurudi bila kulowa. Nyumba ilinukia pilau. Mama mkwe wangu, Bi Mwanaamina, alikuwa amekuja kutoka Kibondo na kumleta mjukuu gauni la pamba laini lisilo na hata kishada kimoja. Mzee Saady naye alikuja na mkewe kutupa mkono wa Idi, na nadhani pia kuona kama nimepona. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Niliwakaribisha wote chumbani kwa mtoto, nikambeba Shadia begani aone wageni vizuri, nikasimama ukutani chini ya kazi yangu.

"Watu wengi," nilianza, "hupamba bila kufikiri. Wanatia maputo, mito, taa. Hawajui hatari yake."

Asmahani aliinamisha kichwa. Nilidhani ni heshima.

"Humu ndani," nikaendelea, "kila kitu ama ni laini, ama hakifikiki."

Nyuma ya sikio langu uzi ulikatika.

Zilianza kuanguka shanga chache, kisha zote, zikiruka kwenye saruji na kukimbilia chini ya kitanda. Mimi ni mrefu. Mtoto aliye begani mwa mtu mrefu, aliyesimama chini ya hilali, hana haja ya kunyoosha mkono. Alikuwa ameivuta wakati nikiwa kwenye neno "hatari".

Nikamshusha kifuani. Mdomo wake ulikuwa umefungwa, macho yamemtoka kwa mshangao. Kisha akakohoa. Nikapeleka kidole mdomoni mwake. Asmahani alinidaka kifundo cha mkono, akamchukua mtoto.

"Usimchokonoe, utaisukuma ndani," alisema. Sauti yake haikupanda. "Anakohoa, na pumzi inapita. Mwache akohoe. Akinyamaza nitampiga mgongoni."

Alikaa kwenye mkeka, akampakata Shadia ameinama mbele kidogo, kiganja chake kingine kikiwa tayari katikati ya mabega ya mtoto. Shadia akakohoa tena, uso mwekundu, machozi yanamtoka. Nilisimama na mikono yangu inayojua kukunja satini kwa namna ishirini, na sikuwa na kazi ya kuipa. Niliikumbuka ile miaka yote ya kungoja. Nikawaza kwamba labda nimengoja muda wote huo ili nije nifanye hivi.

Kikohozi cha mara ya tatu, au ya nne, kilitoa mate mengi, na katikati ya mate ikatoka shanga moja ya dhahabu, ikatua kwenye gauni aliloletewa na bibi yake. Shadia akavuta pumzi ndefu, akalia kilio kikubwa chenye hasira. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama hicho katika ukumbi wowote.

Alinyonya, akatulia. Hata hivyo Bi Mwanaamina alisema hatuwezi kujua kama ilikuwa moja tu, kwa hiyo tukapanda bajaji hadi kituo cha afya. Kanzu yangu ilifika na tope jekundu hadi magotini. Muuguzi wa zamu aliuliza mtoto amemeza nini.

"Shanga. Za pambo," nikasema.

"Nani aliweka pambo la shanga karibu na mtoto?"

"Fundi."

"Fundi gani huyo?"

Asmahani alinigeukia na kungoja jibu pamoja na muuguzi.

"Ni mimi," nikasema.

Mganga alisikiliza kifua cha Shadia pande zote mbili, mbele na nyuma, kwa utulivu uliokaribia kuniua. Akasema kiko safi, tumwangalie, na akianza kukohoa tena au kukoroma akivuta pumzi tumrudishe hapo hapo. Hakurudi kukohoa.

Nyumbani tulimkuta Mzee Saady ameingia chini ya kitanda na kanzu yake mpya, miguu tu ndiyo iliyoonekana, akiokota shanga na kumpokeza mkewe. Bi Mwanaamina, aliyebaki kusimamia shughuli, alikuwa anapitisha kitambaa kibichi sakafuni, kwenye kila ufa. Alinyanyuka taratibu, akanitazama.

"Mwanangu," akasema, "ulimpima mtoto. Hukumpima baba."

Nilichukua bisibisi, nikafungua skurubu iliyobaki ya hilali, kisha nikapandisha ubao wa nyota karibu na dari, ambako hata mimi nikimbeba hafiki. Mzee Saady alipokuwa anaaga, alinipiga bega. Ukumbi wa binti yake, akasema, nitapamba, ila nisihutubie.

Alasiri mvua ilirudi na baridi yake ya huku kwetu. Shadia alilala chali kwenye godoro tupu, chandarua kimechomekwa vizuri, mikono ameitupa juu. Nilikula pilau iliyopoa nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sababu sikutaka kuondoka pale. Asmahani, ambaye hakuwa amenisemesha tangu tutoke kituoni, alikuja akasimama kando yangu, akaitazama ile safu ya nyota kule juu.

"Nyota zimependeza," akasema.

"Ni kazi ya Immakulata," nikamjibu.

Akachukua nyama moja kwenye sahani yangu, akala.