Mtoto wa Masele Mbele ya Wajumbe

Wajumbe walitarajiwa saa nne asubuhi. Tangu kumekucha, akina mama wa usafi walikuwa wamefagia vumbi la pamba mbele ya lango la kiwanda, na upepo ulikuwa umelirudisha. Wilhelmina aliwatazama wakianza upya, hakuna aliyelalamika. Alikwenda kuwachukulia maji ya kunywa, kwa kuwa jua la Agosti pale Bariadi huanza kuchoma mapema.

Wilhelmina alikuwa karani wa mapokezi. Mgeni yeyote wa kiwanda alipita kwanza kwake: anaandikishwa, anaacha kiberiti na sigara getini, kisha anakabidhiwa mtu wa kumtembeza. Kukabidhi huko alikufanya kwa desturi ya kwao. Hasemi jina na cheo tu. Husema huyu ni mtoto wa nani, wa kijiji gani, kwao kuna heri au kuna shida, halafu anamwambia mgeni, "Sasa mko mikononi mwake." Hapo mgeni anajua anamfuata nani, na anayefuatwa anajua amebeba watu.

Siku ile meneja, Bwana Januarius, alimwita ofisini kabla gari la wajumbe halijafika.

"Mama Wilhelmina, leo fupi. Sema, huyu ni Ndaki, fundi wa zamu, atawatembeza. Basi. Mambo ya ukoo leo hapana."

"Na msiba je, Bwana meneja?"

"Hasa huo." Alifuta uso kwa leso. Hakuwa mtu mbaya sikuzote. Mvua zilipokatika mwaka uliotangulia, alikuwa amewakopesha wafanyakazi mahindi ya nyumbani kwake. "Hawa wametumwa na serikali kutoka Dar es Salaam kuangalia kama kiwanda kinauzika. Kikipata mtu wa kukiendesha, watu mia mbili wanabaki kazini. Wakisikia mtu amekufa humu ndani mwezi uliopita, watatuuza kama vyuma chakavu. Unataka hivyo?"

Wilhelmina alitoka akamkuta Ndaki amesimama kivulini mwa ghala la robota, ile pamba iliyofungwa tayari, koti lake la kazi limefuliwa, kichwa kimenyolewa. Walikuwa wamenyoa nywele juma lililopita, kumaliza matanga ya mdogo wake, Shija.

Shija alikufa ndani ya ghala la pamba mbegu, ile ambayo haijachambuliwa. Tangu soko lifunguliwe, wanunuzi binafsi walikuwa wanaleta pamba yao kuchambuliwa, malori yakapanga foleni mpaka barabarani, na kila mwenye lori alitaka yake itangulie. Kanuni ya ghala inajulikana: pamba huchukuliwa kutoka juu ya lundo, likishuka kidogo kidogo. Lakini kupanda juu kunachelewesha. Ikaja amri kwamba vijana wavute kutoka chini. Lundo likachimbika, likasimama kama ukuta, kisha ukuta ukalala. Pamba ni nyepesi ukiishika mkononi. Ikiwa ghala zima, ni udongo. Walipomfukua Shija, alikuwa ameshakata roho.

Mjini ikasemwa alikuwa amelewa, akalala kwenye pamba. Nani alianza kusema, haikujulikana, ila ofisi haikukanusha. Shija hakuwahi kuonja pombe. Alikuwa mwimbaji kanisani. Mjane wake, Nyanjige, alibaki nyumbani na watoto watatu, na wanawake wa kwaya waliokuwa wakija kumsaidia kuteka maji walipungua mmoja mmoja.

"Mayu," Ndaki alimwambia Wilhelmina kwa sauti ya chini, akimwita mama kwa Kisukuma, "usiutaje msiba. Meneja ameniahidi. Mambo yakienda vizuri, nabaki, tena kama msimamizi. Wale watoto wa Shija watakula nini nikikosa kazi?"

"Na jina la baba yao?"

Ndaki alitazama chini. "Jina haliliwi, mayu."

Wilhelmina alimnyooshea ukosi wa koti, kama ambavyo angemfanyia mwanawe. "Haya. Nitasema fupi."

Gari lilifika limejaa vumbi. Wakashuka wajumbe watano. Mkubwa wao alikuwa Bwana Onesmo, mwenye tai ndefu nyekundu, mtu wa haraka lakini mwenye adabu. Aliwasalimia hata akina mama wa fagio kwa mkono. Nyuma yake alikuja mama mmoja wa makamo, mwenye miwani, akasimama mbele ya Wilhelmina akamwamkia kwa Kisukuma:

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka! Kumbe mtu wa nyumbani?"

"Naitwa Dorkasi. Nimezaliwa Nyashimo. Wenzangu hawa wananiita Mzaramo kwa sababu nimekaa mno Dar es Salaam."

"Mzaramo gani anakula ugali mkubwa namna ile?" alisema Bwana Onesmo, na wote wakacheka. Hata Ndaki alitabasamu kidogo.

Viberiti viliachwa mezani. Meneja alikaribisha, akamwashiria Wilhelmina kwa macho. Wilhelmina akapiga hatua mbele.

"Waheshimiwa wajumbe, huyu ni Ndaki, fundi wa zamu. Atawatembeza."

Akaishia hapo. Wafanyakazi waliosimama karibu na lango walitazamana, kwa kuwa hawakuwahi kumsikia akikabidhi mgeni namna ile. Hata mpita njia aliyeingia kuomba maji, Wilhelmina alimtaja baba yake.

Bi Dorkasi alivua miwani. "Mayu, umemaliza? Hujatuambia ni mtoto wa nani. Unatupa mtu kama umemwokota njiani."

"Muda, Bi mkubwa," meneja aliingilia. "Tuna mengi ya kuona."

"Si muda mrefu jina la baba. Ng'wana nani, kaka?"

"Ng'wana Masele," alijibu Ndaki. "Wa Mwamapalala."

Sasa Bi Dorkasi alimtazama vizuri. Alitazama kichwa kilichonyolewa. Kisha aliweka mkoba wake chini, akamshika Ndaki mikono yote miwili.

"Pole sana, kaka. Mmempoteza nani?"

Meneja alikohoa. Ndaki alimwangalia, akaangalia mikono ya yule mama iliyoshika yake. Pole ikishatolewa hairudishwi, na anayeipokea hawezi kumficha marehemu.

"Mdogo wangu. Shija."

"Jamani. Kijana? Aliugua nini?"

Hilo ndilo swali ambalo kila mtu huuliza. Halina hila. Wilhelmina alitamani amtolee Ndaki neno, lakini neno halikuwa lake.

"Nianze na maelezo ya usalama," Ndaki alisema hatimaye.

Meneja alishusha pumzi.

"Humo ndani kuna kelele, hamtanisikia. Nikiinua mkono hivi, wote mnasimama. Mikanda ya mashine haina huruma, kwa hiyo mzee wangu, tai uivue au uiingize ndani ya shati. Akina mama, mitandio mfunge kwa nyuma. Msiguse kitu kinachozunguka hata kama kinaonekana kimesimama. Vumbi ni kali, mtapewa vitambaa vya pua. Mkisikia kengele, ni moto: hatukimbilii gari, tunakuja hapa langoni, nami nawahesabu. Kwenye presi, ile mashine ya kushindilia robota, msipite nyuma yangu."

Bwana Onesmo alivua tai palepale, akaikunja mfukoni. Yalikuwa maelezo kamili, kama meneja alivyoyataka. Vitambaa viligawiwa. Wilhelmina alimfungia Bi Dorkasi chake.

"Tutaanzia ghala la pamba mbegu?" aliuliza Bwana Onesmo.

"Hapana, tutaanzia mashine," meneja alidakia. "Ghala ni ghala tu."

"Lakini pamba inaanzia huko. Ningependa kuifuata inavyokwenda." Naye akaanza kutembea kuelekea mlango wa ghala uliokuwa wazi. Ndani lundo lilionekana, refu, jeupe, limeliwa chini kama ugali uliomegwa upande mmoja.

Ndaki aliinua mkono.

Bwana Onesmo hakuwa amegeuka, hakuuona. Aliendelea.

"Simama!" Sauti ilimtoka Ndaki kama ya mtu anayeita mtoto kutoka mtoni. Wote wakasimama, meneja pia. "Usisimame chini ya hilo lundo. Hilo sikuwaambia. Linachukuliwa kutoka chini badala ya juu, linaanguka. Mdogo wangu hakuugua, mama. Lilimwangukia akiwa kazini. Aliambiwa avute chini, akavuta. Hakuwa amelewa. Shija hakunywa pombe maisha yake yote."

Machozi ya Ndaki yaliingia ndani ya kitambaa cha pua, hakuyafuta. Bi Dorkasi alirudi, akasimama ubavuni pake, bega kwa bega, kama wanavyosimama watu kaburini.

"Jana kwa simu ulituambia msimu huu haukuwa na ajali," Bwana Onesmo alimwambia meneja. Hakupaza sauti.

"Nilikuwa nalinda kazi za watu," alijibu meneja. Pengine ilikuwa kweli.

Wajumbe walizunguka kiwanda kwa utaratibu wote, Ndaki akiwa mbele, mkono ukipanda na kushuka. Walipomaliza aliwahesabu langoni mmoja mmoja. Bwana Onesmo alimshukuru, akamwambia pole. Gari likaondoka.

Kiwanda hakikupata mwendeshaji. Kabla mvua za vuli hazijatulia, alikuja mnunuzi aliyetaka mashine tu, zikafunguliwa, zikapakiwa kwenye malori kwenda mkoa mwingine. Wapo waliosema bei ya pamba ilikuwa imeanguka na hakuna mtu angekiendesha. Wengi walisema ni kosa la Ndaki. Sokoni watu wawili walimpita bila kumsalimu, mmoja wao mtu aliyekula naye chakula cha mchana miaka tisa. Wilhelmina naye alirudi shambani.

Siku moja ya Desemba alikwenda Mwamapalala kumwona Nyanjige, amembebea mchele kidogo. Alimkuta anapalilia peke yake, kanga imelowa mvua. Ndaki alikuwa ameondoka siku iliyotangulia kwenda Lamadi, kutafuta kazi ya kubeba samaki.

"Aliaga?" Wilhelmina aliuliza.

"Aliaga watoto. Mimi aliogopa kunitazama. Anadhani nina hasira naye." Nyanjige aliegemea jembe. "Mayu, ulikuwepo. Alisema mbele yao wote? Na meneja anasikia?"

"Mbele yao wote."

"Alisemaje hasa?"

Wilhelmina alimwambia, polepole, neno kwa neno, mpaka pale pa "maisha yake yote." Nyanjige alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayepokea sakramenti.

"Juzi walikuja wawili wa kwaya," alisema. "Walileta maji. Hawakuomba radhi, waliyamimina tu mtungini wakaondoka."

"Ni mwanzo."

"Ndiyo. Lakini unga hawana hata wao."

Mvua ilianza tena. Wilhelmina alikunja gauni lake, akaingia shambani, akachukua jembe la pili, lile lenye mpini mrefu, na wakaendelea na palizi kabla magugu hayajafunika mahindi.